Slaidi ya Jumatatu: Andika Kilichobadilika Tu

Katika ofisi nyingi, slaidi ya taarifa ya wiki hupatikana kwa kunakili ya wiki iliyopita. Anayeiandaa huongeza mistari miwili bila kufuta kitu, na baada ya miezi michache wanakikao wanasomewa kurasa kumi na mbili za mambo waliyokwisha kuyasikia. Habari mpya imo humo humo, ila imefunikwa.

Ipo njia nyingine: slaidi moja tu, yenye sharti kwamba jambo lililobaki kama lilivyokuwa haliandikwi. Linalobadilika huandikwa kwa hali ya zamani, hali ya sasa na sababu.

Tuchukue mfano wa saccos inayohamisha kumbukumbu za wanachama 4,000 kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta. Slaidi ya kawaida ingesema: “Wanachama 1,600 wameingizwa, kazi inaendelea vizuri.” Nani angeuliza swali hapo? Slaidi ya mabadiliko inasema: “Walikuwa 1,250, sasa 1,600. Wiki hii wameongezeka 350. Wiki iliyopita waliongezeka 500. Sababu: karani mmoja yuko likizo.” Sasa meneja anaona kwamba kasi imepungua. Waliobaki 2,400 wangemalizika kwa wiki tano hivi; kwa kasi hii watachukua karibu saba. Mstari wa mwisho unamtaka aamue: atafutwe karani wa muda, au tarehe isogezwe?

Mafunzo ya wafanyakazi yanakwenda kama yalivyopangwa, kwa hiyo hayamo kwenye slaidi. Ukimya huo una maana pale tu ambapo kila mmoja anajua kanuni yake, tena lipo daftari la mradi linaloonyesha kila kazi na siku ilipoguswa mara ya mwisho. Bila daftari hilo, kazi iliyosahaulika hufanana kabisa na kazi inayokwenda vizuri. Ndiyo maana kazi iliyopaswa kusogea ikakaa wiki mbili bila kusogea hurudishwa kwenye slaidi, ikiandikwa kuwa imekwama, pamoja na jina la anayeishughulikia.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye tarehe. Kazi ikisogezwa wiki moja, hakuna anayeshtuka. Ikisogezwa hivyo mara nne, mwezi mzima umepotea, na kila slaidi ilisema kweli kuhusu wiki yake. Kinga yake ni kutoifuta kamwe tarehe ya kwanza: “Awali 3 Machi, wiki iliyopita 24 Machi, sasa 31 Machi.” Mimi naihesabu hii kuwa sehemu muhimu kuliko zote katika slaidi hiyo, na ndiyo ambayo timu huwa za kwanza kuifuta zikitafuta nafasi.

Jumatatu ijayo, kabla ya kikao, fungua slaidi mbili za mwisho za timu yako kwa pamoja. Kila mstari unaofanana katika zote mbili, uondoe.