Kiranja wa chakula anaomba kazi ya stoo

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na matokeo hutoka Januari. Katikati ya kusubiri huko, au mara tu alama zinapoonekana hazifikishi kidato cha tano, kijana huketi kuandika wasifu wake wa kwanza, ile karatasi ambayo wengi huiita sivii. Jina, namba ya simu, shule ya msingi na sekondari vinaandikika bila tabu. Kinapofika kipengele cha uzoefu wa kazi, kalamu inasimama. Kuna wanaokifuta kabisa, na kuna wanaoandika “Sina”. Wapo pia wanaotunga duka la mjomba ambalo halijawahi kuwapo, na hao ndio wanaojiweka pabaya zaidi.

Mwajiri anayetafuta msaidizi wa duka au wa stoo hategemei mhitimu wa shule awe na miaka mitatu ya ajira. Anataka kujua kama kijana huyu amewahi kukabidhiwa kitu cha watu wengine, iwe fedha, funguo, chakula, watoto au daftari la kumbukumbu, na kama alikirudisha kikiwa salama. Kwa vijana wengi jibu ni ndiyo. Walikabidhiwa shuleni, kanisani, msikitini, kwenye timu ya mtaa au kwenye kikundi cha kuzikana. Tatizo ni kwamba wanapoyaandika hayo, wanaandika cheo peke yake: “Kiranja. Mwanakwaya. Nimejitolea katika jamii.” Msomaji hapati kitu, kwa sababu kila shule ina viranja na kila mtaa una wanaosema wamejitolea.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Kijana wa Igoma, Mwanza, alimaliza kidato cha nne mwaka 2024 katika shule ya bweni. Septemba 2025 anaomba kazi ya msaidizi wa stoo kwa mfanyabiashara wa jumla wa vinywaji. Kwenye uzoefu ameandika mistari mitatu: kiranja wa chakula, mweka hazina wa kikundi cha vijana, na “nimefanya kazi zahanati”. Mistari hiyo mitatu inatosha kujaza kipengele kizima, lakini kila mmoja unahitaji kufunguliwa.

Anza na kiranja wa chakula. Ukimuuliza alikuwa akifanya nini hasa, kwanza atasema “nilikuwa nasimamia chakula”. Uliza tena: gari la unga likifika, nani alikuwa pale? Hapo maelezo yanaanza kutoka. Alikuwa akisimama na mtunza stoo, wanahesabu magunia yanaposhuka, wanalinganisha na hati ya mzigo, kisha wote wawili wanatia saini kwenye leja. Kila jioni alikuwa akihesabu wanafunzi wa bweni ili mpishi ajue apime unga na maharage ya watu wangapi kesho. Siku gunia likipungua au likiwa limelowa, yeye ndiye aliyepeleka taarifa kwa mwalimu wa zamu. Kwa mwenye stoo ya vinywaji, hiyo ndiyo kazi anayoitafutia mtu: kupokea mzigo, kuhesabu, kulinganisha na hati, kutoa taarifa ya upungufu. Kijana ameifanya mwaka mzima na karibu aifiche nyuma ya neno kiranja.

Mweka hazina nako kuna mengi. Kikundi kina vijana 22, kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa wiki, na fedha hutumika kwenye misiba na wagonjwa. Kijana alitaka kuandika kwamba amesimamia shilingi 440,000, kwa kuzidisha watu 22 mara shilingi 500 mara wiki 40. Hesabu ya kuzidisha ni sahihi, lakini maisha hayakwenda hivyo, kwa kuwa kuna waliokosa wiki na kuna waliosafiri. Daftari lenyewe linaonyesha zilizokusanywa ni shilingi 371,500. Hiyo ndiyo tarakimu ya kuandika, ingawa ni ndogo. Mwajiri akiuliza “Je, wote walikuwa wanalipa?”, mwenye 440,000 atababaika, na mwenye 371,500 ataeleza jinsi alivyowafuata waliochelewa na jinsi alivyosoma mapato na matumizi mbele ya wenzake kila mwisho wa mwezi. Jibu hilo lina thamani kuliko tarakimu yoyote. Pasipo daftari, bora aandike idadi ya wanachama na kiwango cha mchango peke yake, na jumla aiache.

Mstari wa zahanati ndio wenye hatari. “Nimefanya kazi zahanati” unaweza kusomeka kana kwamba alihudumia wagonjwa. Ukweli ni kwamba wakati wa kampeni ya chanjo ya watoto alisaidia kwa wiki mbili kupanga foleni, kuandika majina ya watoto kwenye orodha na kuwaelekeza wazazi. Hakushika sindano, wala hakupaswa kushika. Kuwapo mahali kazi inapofanyika si sawa na kuifanya, na wasifu ukichanganya mambo hayo mawili, swali moja la usaili linatosha kuubomoa. Akiandika alichokifanya, bado ni kitu cha maana, maana kuandika mamia ya majina bila kuruka ni kazi ya karani.

Kisha zikaja tarehe, na hapa kulikuwa na kasoro ambayo ni ya kawaida sana. Katika rasimu yake uweka hazina ulianza Januari 2024. Lakini mwaka huo alikuwa bweni hadi Novemba. Angewezaje kukusanya michango Igoma kila Jumapili? Alipofikiri vizuri akakumbuka kwamba Januari 2024 alijiunga tu na kikundi akiwa likizo, na daftari alikabidhiwa Desemba baada ya mtihani. Hakukusudia kudanganya. Hata hivyo mwajiri anayesoma tarehe hizo mbili zikigongana hatajua nia yake, ataona uongo. Kabla ya kutuma, weka miaka ya shule na miaka ya kujitolea pembeni mwa nyingine uone kama mtu mmoja angeweza kuwa kote huko.

Baada ya kazi hiyo, kipengele chake kilisomeka hivi, la karibuni likitangulia:

UZOEFU WA KUJITOLEA NA UONGOZI

Mweka hazina (bila malipo), kikundi cha vijana cha kusaidiana, Igoma, Mwanza. Desemba 2024 hadi sasa. Nakusanya michango ya kila wiki ya wanachama 22 na kuiandika kwenye daftari. Hadi Septemba 2025 nimepokea shilingi 371,500. Nasoma mapato na matumizi kwenye kikao cha kila mwezi.

Msaidizi wa kujitolea, kampeni ya chanjo katika zahanati ya mtaa. Wiki mbili, Machi 2025. Niliandika majina ya watoto kwenye orodha na kupanga foleni ya wazazi.

Kiranja wa chakula, shule ya sekondari ya bweni. Agosti 2023 hadi Julai 2024. Nilihesabu mizigo ya chakula pamoja na mtunza stoo, kulinganisha na hati na kutia saini kwenye leja. Nilitoa idadi ya wanafunzi kwa jiko kila jioni.

Kwenye nakala halisi zahanati na shule ziandikwe kwa majina yake. Kichwa cha kipengele hakijificha: kinasema ni kujitolea na uongozi, na neno “bila malipo” limewekwa wazi. Kuna wanaoshauri neno hilo lifichwe ili ionekane ni ajira. Sikubaliani nao. Ukilifuta, mwajiri atauliza mshahara ulikuwa kiasi gani, na mazungumzo yataanza kwa kujitetea.

Kazi za dini ziandikwe kwa kile kilichofanyika. Aliyefundisha watoto 30 madrasa kila alasiri, au aliyeshika ratiba ya mazoezi ya kwaya, ana jambo la kueleza kwa mwajiri wa imani yoyote. Vyeo vya vyama vya siasa mimi ningeviweka tu pale kazi inapohusika navyo, kwa kuwa humlazimisha msomaji kufikiria chama badala ya kazi. Na vyeo visikuzwe. Kikundi cha watu 22 hakina mkurugenzi mtendaji. Mweka hazina anatosha.

Wasifu wa namna hii unasimama au kuanguka kwa wadhamini, yaani watu ambao mwajiri anaweza kuwapigia simu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huomba majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, na waajiri wengi binafsi hufuata mtindo uleule. Kijana wetu alikuwa ameweka mjomba wake, mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mkuu. Mjomba aondoke, kwa sababu ni ndugu. Mwenyekiti wa mtaa anamfahamu kwa sura, lakini hajui lolote kuhusu daftari la michango. Mwalimu mkuu wa shule yenye mamia ya wanafunzi huenda asimkumbuke. Wanaofaa zaidi ni mwenyekiti wa kikundi, mwalimu aliyesimamia chakula shuleni, na mhudumu wa zahanati aliyempangia kazi. Vyeo vyao ni vidogo, ila wakipigiwa simu wana la kusema. Aende kwao kwanza, awaombe ridhaa, na awasomee alichokiandika ili tarehe na maelezo yafanane.

Yote haya yana mpaka wake. Tangazo la serikali likitaka cheti fulani cha ufundi au leseni ya udereva, hakuna kiasi cha kujitolea kitakachojaza pengo hilo. Matangazo hayo pia huonya kwamba taarifa za kughushi zitampeleka mhusika kwenye hatua za kisheria, kwa hiyo barua ya kujitolea yenye mhuri wa kuchonga inaweza kumgharimu kijana zaidi ya nafasi ya kazi. Kujitolea kunasaidia zaidi pale waombaji wote wana vyeti vinavyolingana na mwajiri anatafuta sababu ya kumwita mmoja kwenye usaili.

Na asiye na chochote cha kuandika? Miezi kati ya Novemba na Julai ni mirefu. Aombe sehemu yenye daftari: ofisi ya mtendaji wa kata inayopokea wananchi, maktaba ya shule, zahanati, kikundi cha kuweka na kukopa kinachohitaji katibu. Aandike tarehe aliyoanza, na kila wiki anukuu kwenye karatasi yake alichofanya na kiasi gani, maana baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka. Barua ya uthibitisho aiombe siku ya mwisho akiwa bado hapo, iwe na tarehe za kuanza na kumaliza, kazi alizofanya, jina na cheo cha aliyesaini, na mhuri wa ofisi. Watumishi huhamishwa, na anayemrithi mtendaji hana wajibu wa kuthibitisha kazi ambayo hakuiona.