Ongezeko la ada ya chuo katikati ya masomo

Ongezeko la ada katikati ya masomo ni hatua ya chuo kumtoza mwanafunzi anayeendelea kiasi kikubwa kuliko kile alichoelezwa alipodahiliwa. Ni jambo tofauti na kupandisha ada kwa wanafunzi wapya. Mwombaji mpya akiona bei haimfai anaweza kuchagua chuo kingine, lakini aliye mwaka wa pili ameshalipa, ameshasoma, na kuhama kunaweza kumpotezea mwaka.

## Hali ya Ufipa

Katika Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa Ufipa, ada ya chuo mara nyingi hutoka kwenye mahindi na maharage. Mavuno huanza karibu Mei, ilhali mwaka wa masomo wa vyuo vikuu vya Tanzania hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kwa hiyo familia huuza kwa kufuata ada inayoijua. Kwa mfano, kama ada imepanda kwa shilingi 200,000 na kilo ya mahindi inauzwa shilingi 500, zinahitajika kilo 400 zaidi, yaani magunia manne ya kilo 100. Tangazo likitoka Juni, magunia hayo yanaweza kutengwa. Likitoka Oktoba, huenda yameshauzwa na fedha zimeshanunua mbolea ya msimu unaokuja.

Anayesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kupitia kituo chake cha Sumbawanga ana hatari ya namna nyingine. Hulipia kozi kadiri anavyojisajili, na anaweza kuyatawanya masomo kwa miaka mingi. Kadiri anavyochelewa, ndivyo uwezekano wa kukutana na bei mpya unavyoongezeka.

## Sababu zinazotolewa na vyuo

Vyuo hutaja kupanda kwa bei, vifaa vya maabara, gharama za mafunzo kwa vitendo na ruzuku isiyotosha. Sababu hizi si uongo, ila hazina uzito sawa kila mahali. Chuo cha umma kikitaja mishahara, inafaa kuuliza ni ya nani, kwa kuwa watumishi wake wa kudumu hulipwa na Serikali. Chuo binafsi hutegemea ada zaidi, hivyo hoja hiyo kwake ni nzito.

Mara nyingine ada yenyewe haibadiliki, bali michango iliyo pembeni yake: usajili, mitihani, kitambulisho, bima ya afya. Ndiyo maana ulinganisho wa kweli hufanywa kwa jumla ya mwaka mzima, si kwa mstari wa ada peke yake.

## Mfano wa Makerere

Mwaka 2018 Baraza la Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, liliidhinisha ongezeko la asilimia 15 kila mwaka kwa miaka mitano, kwa wanaoingia wapya. Waliokwisha kuanza waliachwa kwenye ada yao. Kwa hesabu hiyo, kozi ya shilingi 1,000,000 hufika 1,150,000 kwa kundi linalofuata, kisha 1,322,500, na baada ya nyongeza tano huwa zaidi ya maradufu. Oktoba 2019 wanafunzi waliandamana, na askari wakaingia katika mabweni. Utaratibu huo uliwalinda waliokuwa ndani, lakini haukumaliza ugomvi kuhusu ukubwa wa ongezeko lenyewe.

## Yanayoweza kujadiliwa au kupingwa

Nyaraka za kwanza kutazamwa ni barua ya udahili na maelekezo ya kujiunga. Kama zinataja ada ya kila mwaka hadi mwisho wa kozi, mwanafunzi ana hoja nzuri ya mkataba. Zikiwa na kifungu kwamba ada inaweza kubadilika, hoja hiyo hudhoofika. Hapo hubaki maswali ya utaratibu: je, Baraza la Chuo liliidhinisha, taarifa ilitolewa lini, na je, deni linarudishwa nyuma kwa muhula uliokwisha kulipiwa?

Kilicho rahisi kupatikana ni muda. Ombi la maandishi kupitia serikali ya wanafunzi, la kulipa kwa awamu, kufutiwa faini ya kuchelewa au kuruhusiwa kufanya mtihani, hukubaliwa kwa urahisi kuliko ombi la kufuta ongezeko. Ombi la kuanza kutoza ada mpya kwa wanaoingia tu liko katikati. Mnufaika wa mkopo asidhani Bodi ya Mikopo itaziba pengo: kiasi kinachozidi alichopangiwa humwangukia yeye, isipokuwa afanikiwe katika dirisha la rufaa.

Chuo kisipojibu, malalamiko hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), yakiambatishwa nakala za barua na stakabadhi. Kwa chuo cha umma ipo pia njia ya mapitio ya Mahakama Kuu, ambayo kibali chake huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Anayekaa kimya mpaka mwaka wa mwisho huwa amekwisha kuipoteza.