Vikombe Vinne ni Lita Ngapi? Vipimo vya Maji ya Sukari na Chumvi Nyumbani

Pakiti ya chumvichumvi ya kuchanganya na maji, inayotolewa pamoja na vidonge vya zinki, ndiyo tiba ya kwanza ya mtoto anayeharisha. Hata hivyo, katika kijiji cha Karagwe au Kyerwa kilicho mbali na zahanati, mama huweza kulazimika kutengeneza mchanganyiko wake usiku. Vijitabu vya kigeni humwelekeza atumie vikombe vinne vya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha ampe mtoto aunsi mbili au tatu kila anapoharisha.

Kikombe cha vijitabu hivyo ni cha Kimarekani, chenye mililita 240 hivi. Vinne vinakaribia lita moja. Kikombe cha chai cha nyumbani kikiwa na mililita 200, vinne hutoa mililita 800 tu, na chumvi huzidi kwa robo. Kikombe kikubwa cha plastiki cha nusu lita hutoa lita mbili, na dawa hupungua nguvu kwa nusu. Kosa la kwanza ndilo la hatari zaidi: chumvi ikizidi katika damu, huvuta maji kutoka ndani ya seli, mtoto akapata kiu kali, akahangaika, na hata kupata degedege.

Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni chupa ya maji ya kunywa iliyoandikwa ujazo wake. Chupa safi ya nusu lita ijazwe hadi shingoni, imiminwe mara mbili ndani ya jagi, na usawa wa maji uwekewe alama ya kudumu. Kisha maji hayo yagawanywe kwa kikombe cha nyumbani: yakijaza vikombe vitano, kila kimoja kina mililita 200, na familia hiyo itahitaji vitano, si vinne.

Kijiko nacho kiwe cha chai, kisawazishwe kwa mgongo wa kisu. Kijiko cha chakula hubeba mara tatu ya cha chai. Maji yawe yamechemshwa na kupozwa. Mchanganyiko uonjwe kabla ya kumpa mtoto: ukiwa na chumvi kuliko machozi, umwagwe, utengenezwe mwingine. Uliobaki baada ya saa 24 usitumike.

Aunsi moja ya kimiminika ni mililita 30. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, yaani robo hadi nusu ya kikombe hicho cha mililita 200, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, mlezi asubiri dakika kumi, kisha aendelee polepole. Mtoto akilegea, akishindwa kunywa au akiharisha damu, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.