Nafasi zenye namba kwenye mtihani wa Kiswahili: usijaze kabla hujasoma neno linalofuata

Kuna swali ambalo wanafunzi wengi huliona la mteremko, kumbe ndilo linalowala maksi. Unapewa kifungu cha habari chenye mapengo yenye namba, na kila pengo lina majibu manne ya kuchagua. Wengi hukosa kwa sababu moja: wanasoma mpaka kwenye pengo, wanasimama na kuchagua neno "linalosikika vizuri". Mara nyingi ushahidi wa jibu uko mbele ya pengo, sio nyuma yake.

Tufanye mfano kwa habari ya nyumbani Singida. Soma kifungu chote kwanza, usijibu kitu.

"Mwaka jana mvua za kwanza (1) mapema. Wakulima wengi wa Iramba walipanda alizeti kwa wakati, (2) hawakupata mavuno mazuri, maana ndege walivamia mashamba. Mzee mmoja aliamka alfajiri kila siku ili (3) ndege hao. Alipovuna, alipeleka mbegu mashineni akakamua mafuta, na (4) yaliyobaki akawauzia wafugaji."

Nafasi ya 1: A. ilinyesha B. zilinyesha C. zitanyesha D. yalinyesha

Angalia kale kaneno "za". Kanakuambia mvua hapa iko kwenye wingi, kwa hiyo kitenzi kianze na "zi". A na D zimetoka. Zimebaki B na C, na hapo "mwaka jana" inamaliza kazi: jambo limeshapita. Jibu ni B. Mtaani mtu akisema "mvua za kwanza ilinyesha" tutamwelewa na maisha yanaendelea, lakini kwenye mtihani hiyo ni maksi imeondoka. Ndiyo maana sikio peke yake halitoshi.

Nafasi ya 2: A. ili B. kwani C. lakini D. kwa hiyo

Ukiishia kwenye pengo, maneno yote manne yanaweza kukaa. Endelea mbele: "hawakupata mavuno mazuri". "Ili" ingetaka kitenzi kama "wapate", kwa hiyo inatoka. "Kwani" inaleta sababu, na kukosa mavuno hakuwezi kuwa sababu ya kupanda. "Kwa hiyo" ndiyo mtego, maana kisarufi inakaa bila shida. Ila ukiisoma kwa maana, utakuwa umesema kwamba kupanda kwa wakati ndiko kulikoharibu mavuno. Matokeo yamekwenda kinyume na matarajio, kwa hiyo jibu ni C.

Nafasi ya 3: A. alifukuza B. aifukuze C. anawafukuza D. awafukuze

Safari hii ushahidi uko pande zote mbili. Nyuma kuna "ili", inayotaka kitenzi kiishie na "e": fukuze. Zimebaki B na D. Mbele kuna "ndege hao", yaani viumbe hai na ni wengi, kwa hiyo tunahitaji "wa" katikati ya kitenzi. Jibu ni D.

Nafasi ya 4: A. pumba B. mbegu C. magunzi D. mashudu

Neno "yaliyobaki" linataka jina la aina ya "ma". Tungesema pumba zilizobaki na mbegu zilizobaki, kwa hiyo A na B zimetoka. Magunzi na mashudu yote yanakubali "yaliyobaki", sarufi imeishia hapo. Sasa jiulize: ukikamua alizeti, kinabaki nini? Magunzi ni ya mahindi. Jibu ni D, mashudu.

Utaona mpangilio ni uleule: sarufi inapunguza majibu, maana inachagua. Ukianza na maana peke yake, utanasa kwenye A ya nafasi ya 1. Ukiishia kwenye sarufi peke yake, utanasa kwenye D ya nafasi ya 2.

Mtindo huu wa kutoboa maandishi una historia. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor aliutumia kupima kama maandishi ni rahisi au magumu kusomeka. Alifuta maneno kwa hesabu, kwa mfano kila neno la tano, bila kujali ni neno gani. Mtunzi wa mtihani wa kuchagua majibu hufanya tofauti: anachagua pengo liwe wapi, na anahitaji kuacha dalili ya kuonyesha jibu moja tu. Itafute dalili hiyo.

Ukimaliza, soma kifungu chote tena ukiwa umeweka majibu yako. Sentensi ikikukwaza ulimi, rudi kwenye viambishi. Ikienda vizuri lakini habari haieleweki, kosa liko kwenye maana.

Kwa mazoezi zaidi, tafuta karatasi za zamani za Kiswahili za KCPE ya Kenya, iliyofanyika mara ya mwisho 2023. Zina vifungu vyenye nafasi 1 hadi 15, kila moja na majibu manne. Kwa kila jibu, pigia mstari neno lililokufanya ulichague. Ukikosa neno la kupigia mstari, ujue umebahatisha.