Nyaya Nyuma ya Ubao Mama

Mfuniko wa pembeni wa kompyuta ya mezani ukikataa kufungwa, usiusukume kwa goti. Mara nyingi kinachouzuia ni kebo nene ya pini 24, inayopeleka umeme kwenye ubao mama, ikiwa imekatiza juu ya kebo nyingine.

Nyuma ya bamba linaloshika ubao huo, makasha mengi yana nafasi ya takribani sentimita 2 tu. Kebo moja iliyolazwa bapa inaenea humo. Mbili zikipandana, mfuniko unabinuka na plagi zinasukumwa hadi kulegea.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha fungua pande zote mbili. Anza na kebo hiyo nene: ipitishe kwenye tundu lililo karibu na soketi yake, uishushe wima. Nyembamba zilaze kando yake, si juu yake. Zifunge kwa vibanio bila kuzikaza, na uache ulegevu kidogo kwenye kila plagi.

Upande wa mbele, hakikisha hakuna waya mbele ya feni. Mfuniko ukiteleza wenyewe mahali pake, kazi imekamilika.