"Bado Ipo?": Jibu Linalomleta Mnunuzi hadi Mlangoni

Barua ya uhamisho huja wakati wake, wala haiulizi kama nyumba imejiandaa. Mpiganaji huambiwa aripoti kituo kipya Jumatatu, na mkewe hubaki akitazama vyombo ambavyo gari la kuhamia halitavibeba vyote. Baadhi yake lazima viuzwe, na viuzwe wiki hiyo hiyo. Hapo mama mwenye nyumba hupiga picha, huiweka katika kundi la mauzo la WhatsApp au Facebook, na kabla chai haijapoa simu inalia. Ujumbe ni mfupi: "Bado ipo?"

Wengi hujibu kwa neno moja, "Ipo", kisha husubiri. Yule aliyeuliza haandiki tena. Wanaulizwa kumi, wanajibu kumi, na Jumapili jioni kitu bado kimekaa pembeni mwa ukumbi. Leo tutazungumza juu ya jibu hilo na maneno yanayolifuata, kwa maana humo ndimo fedha inamopotea.

SWALI HILI LINA UZITO GANI?

Wakazi wa Bujumbura waliozoea Soko Kuu, kabla halijateketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, wanajua jinsi biashara ilivyokwenda pale. Mtu aliyesimama mbele ya meza na kuuliza "Kipo?" alikuwa amekwisha kutembea, amekwisha kutoa nauli, na macho yake yalikuwa juu ya kitu. Muuzaji hakuhitaji maneno mengi; alikiweka kitu mkononi mwa mteja, na mkono ulifanya kazi iliyobaki.

Anayeuliza kwa simu hajatembea hata hatua moja. Yawezekana yuko kitandani. Yawezekana amewauliza watu watano kwa dakika mbili. Tena katika Soko la Facebook, lililoanzishwa Oktoba 2016 katika nchi chache kisha likaenea, swali hilo liliwekwa tayari limeandikwa: mnunuzi hubonyeza tu, nalo linaondoka bila yeye kuandika herufi moja. Kwa hiyo muuzaji asilichukue kuwa ahadi, wala asikasirike mtu akinyamaza. Swali hili ni mtu anayechungulia dirishani. Kazi ya jibu ni kumwonyesha mlango ulipo.

JIBU LA KWANZA

Tuchukue mfano, na bei zake ni za mfano tu. Mama mmoja wa Ngagara anauza cherehani ya miguu yenye meza yake. Bei aliyoitangaza ni faranga 600,000. Moyoni, yeye na mumewe wamekwisha kukubaliana kwamba hawatashuka chini ya 540,000. Makubaliano hayo yafanywe kabla ya tangazo, maana anayeanza kuhesabu mbele ya mnunuzi huhesabu vibaya.

Jumatano saa mbili usiku fundi mmoja wa kike wa Buyenzi anauliza, "Bado ipo?" Mama anajibu hivi:

"Habari za jioni, dada. Ndiyo, ipo. Inashona vizuri, ila mkanda ni wa zamani na droo moja haifungi. Bei ni 600,000. Iko Ngagara, nayo utaijaribu kwa kitambaa chako mwenyewe. Wakati gani unakufaa: kesho saa kumi na moja jioni, au Ijumaa saa nne asubuhi?"

Jibu hili lina sehemu nne. Kwanza linathibitisha kwamba kitu kipo. Pili linataja hali yake, pamoja na kasoro. Kasoro iliyotajwa mapema haipunguzi bei sana, bali ile inayogunduliwa mlangoni huvunja imani na bei pamoja. Tatu linataja bei na mtaa, ili asiye na uwezo au aliye mbali ajitoe mapema. Nne linaishia kwa swali lenye saa mbili za kuchagua. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyokosekana katika lile neno "Ipo". Ukimwuliza mtu "Utakuja lini?", atasema "Nitakuambia". Ukimpa saa mbili, atachagua moja, au atataja ya tatu, na hapo amekwisha kuanza kuja.

Jibu lipelekwe upesi, wakati muulizaji bado ana simu mkononi. Baada ya siku nzima atakuwa amekwisha kusahau ni cherehani ya nani.

"BEI YA MWISHO NI NGAPI?"

Katika mfano wetu mtu wa pili anaandika Alhamisi asubuhi, wala hasalimii: "Bei ya mwisho?" Hapa wauzaji wengi huteleza. Mama akiandika "540,000", basi hiyo ndiyo itakayokuwa bei ya kuanzia siku mtu huyo atakapofika, naye atataka 480,000. Afadhali ajibu, "Bei ni 600,000, bwana. Njoo uione kwanza. Ukiipenda tutazungumza tukiwa mbele yake. Leo jioni au kesho asubuhi?" Anayetaka cherehani atakuja. Anayekusanya bei tu atanyamaza, na kunyamaza kwake hakukumpotezea mama kitu.

UKIMYA, NA MANENO YANAYOUFUATA

Fundi wa Buyenzi alisema atakuja Alhamisi saa kumi na moja, lakini saa ikapita. Je, amwandikiwe? Ndiyo, mara moja, na ujumbe huo ubebe habari mpya. "Vipi, dada, mbona kimya?" si habari, ni lawama. Mama anaandika jioni ile: "Habari za jioni, dada. Kuna mtu mwingine anayetaka kuiona kesho saa tano. Wewe uliuliza mbele yake. Ukiweza saa nne utamtangulia. Naomba unijulishe usiku huu." Fundi anajibu kwamba alikosa usafiri, na kwamba saa nne atafika.

Maneno haya yana nguvu kwa sababu ni ya kweli. Mtu wa saa tano awepo hasa. Anayebuni mnunuzi asiyekuwepo hujikuta ameshikwa, kwani Ngagara na Buyenzi ni majirani, na habari hutembea kwa miguu. Ikiwa hakuna mwingine, kuna ukweli mwingine wa kutosha: "Tunahama Jumatatu, baada ya hapo sitakuwa mjini."

Ujumbe wa pili usipojibiwa, wa tatu uwe wa kuaga: "Naona una shughuli. Nitampa anayefuata. Asante kwa kuuliza." Baadhi ya watu huamka kwa neno hilo. Wasioamka waachwe, kwani barua ya nne haiuzi kitu, inachosha tu.

Suala la usafiri lisidharauliwe. Agizo la Machi 2022 liliondoa pikipiki, bajaji na baiskeli katikati ya mji, na uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umewafunza wakazi kwamba safari ya robo saa yaweza kula asubuhi nzima. Kwa hiyo muuzaji aseme mapema kitu kitabebwaje. Mama wetu aliandika: "Kichwa cha cherehani hutoka kwenye meza, tutavua mkanda na kulegeza skrubu mbili za bawaba. Utakibeba peke yake, na meza itakuja kwa mkokoteni." Pengine sentensi hiyo ndiyo iliyouza kuliko zote, maana ilimwondolea fundi swali alilokuwa nalo na hakuliuliza.

MBELE YA KITU, HADI KWENYE MALIPO

Ijumaa saa nne fundi anafika na kipande cha khanga. Mama hamsimulii sifa. Anamwachia kiti. Fundi anakunja kitambaa mara mbili, anashona, anageuza na kutazama nyuzi za juu na za chini. Mishono hairuki. Anataja 520,000. Mama anasema 580,000. Wanakutana kwenye 560,000. Sasa mama anauliza swali moja la mwisho, tena waziwazi: "Utalipa yote leo, au utaweka arubuni?"

Fundi ana 60,000 mkononi. Wanaandika karatasi mbili zinazofanana: cherehani gani, bei 560,000, arubuni 60,000, baki 500,000, mwisho wa kulipa Jumapili saa sita mchana, na kwamba muda ukipita bila neno, cherehani itauzwa na arubuni itafanyiwa nini. Jambo hilo la mwisho wasiliache hewani, kwa maana ndilo linalowapeleka watu kituo cha polisi. Arubuni iombwe baada ya mnunuzi kuona kitu, si kabla. Anayedai fedha kwa kitu kisichoonekana hufanana na tapeli hata akiwa mwaminifu, na mnunuzi mwenye busara atakimbia.

Jumapili baki inalipwa kwa Lumicash. Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ujumbe wa bandia: mnunuzi anaonyesha picha ya ujumbe kwenye simu yake, au muuzaji anapokea maneno "umepokea 500,000" yaliyoandikwa na mtu kwa namba ya kawaida. Dawa yake ni moja. Muuzaji afungue akaunti yake mwenyewe, atazame salio, na kitu kisivuke kizingiti kabla salio halijaongezeka. Wa pili ni yule anayepiga simu baadaye akilia kwamba ametuma zaidi kwa makosa, arudishiwe. Salio litazamwe tena, na mwenye dai apelekwe kwa wakala. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote. Tena wakubaliane mapema nani atabeba ada ya kutoa fedha, isije ikazua ugomvi juu ya deni lililokwisha kulipwa.

NENO KWA FAMILIA ZA WAPIGANAJI

Katika majibu yote haya, mama hakuandika mahali mumewe anapofanya kazi, wala siku anazokuwa zamu, wala kwamba analala peke yake na watoto. "Tunahama" latosha. Namba ya nyumba ilitolewa asubuhi ya Ijumaa, baada ya saa kukubaliwa, na jirani aliombwa awepo. Anayeuliza "Bado ipo?" hajulikani ni nani, akifuatisha kwa "Baba yupo?", mazungumzo yaishe hapo, hata kama bei aliyotaja ni nzuri.

Cherehani ilipoondoka, mama alifanya jambo ambalo wengi husahau. Aliandika "Imeuzwa" chini ya picha yake, na akamwarifu mtu wa saa tano, ambaye alikuwa ameombwa asubiri hadi baki ilipwe. Mtu huyo aliuliza kama kuna kitu kingine. Palikuwa na kitanda cha mtoto. Akajibiwa: "Kipo. Ni cha mbao, godoro halimo. Unakuja saa tisa au saa kumi na moja?"