Mkufu wa lulu: kabla hujaandika "asili" kwenye posti yako, tazama tundu

Msimu wa sendofu na harusi ukifika, inboksi yangu hapa Bagara inajaa picha za mikufu ya lulu. Swali ni lile lile, "Hii ni asili?" Ukiniuliza hivyo na mimi nitakuuliza, asili kwa maana gani? Hapo ndipo wengi tunapokwama, na hapo ndipo hela ya mteja inaporudishwa kwa kelele.

Kwa mteja wetu, "asili" maana yake siyo feki. Kwa mtu anayejua lulu, neno hilo lina maana nyembamba zaidi. Ni lulu iliyojitengeneza yenyewe ndani ya chaza, binadamu hakugusa. Katikati ya hizo mbili kuna lulu ya kufugwa. Hapo mtu anafungua chaza, anapandikiza kitu ndani, anamrudisha majini, na chaza mwenyewe anakizungushia tabaka za lulu kwa miezi au miaka. Lulu ya kufugwa siyo feki, ni lulu halisi kabisa. Ila siyo ya asili. Kwa hiyo makundi ni matatu: ya asili, ya kufugwa, na bandia ambayo ni shanga ya kioo, plastiki au ganda lililosagwa, ikapakwa rangi ya kung'aa.

Tofauti ya bei kati ya asili na ya kufugwa siyo ya kitoto. Mwaka 1917 kampuni ya vito ya Cartier ilipata jengo lake la New York kwa kutoa mkufu wa lulu za asili wa nyuzi 2, uliothaminiwa dola milioni 1, na kuongeza dola 100 taslimu. Baadaye lulu za kufugwa za Wajapani zikajaa sokoni, bei ikaporomoka, hata wapiga mbizi wa Ghuba kule Bahrain na Kuwait wakakosa kazi. Mkufu ule ule ulipopigwa mnada mwaka 1957 ulipata dola 151,000. Sasa mtu akikutumia mzigo wa mikufu 12 "lulu asilia" kwa shilingi 85,000 mmoja, piga hesabu mwenyewe.

Tuje kwenye picha. Nitatumia kesi ya juzi ya dada mmoja anayeuza vito mtandaoni kutoka Kondoa. Alitumiwa sampuli mbili na muuzaji wa jumla, zote zikiitwa "lulu asilia za Zanzibar". Picha za kwanza zilikuwa za mkufu mzima juu ya kitambaa cheusi, zimepigwa filta. Picha kama hiyo haikusaidii chochote. Nikamwambia aende dirishani mchana, azime flashi, atoe filta, aweke mkufu juu ya karatasi nyeupe. Kisha asogeze lulu ya mwisho karibu na kifungo ili tundu lionekane, maana fundo huwa linaliziba. Kama simu yako haina lenzi ya kupiga kwa karibu sana, kile kikuzo kidogo cha mafundi saa kinatosha. Kiweke mbele ya kamera, tulia, piga.

Tundu ndilo linalosema mengi, kwa sababu ni sehemu pekee unayoona lulu kwa ndani bila kuivunja. Kwenye sampuli ya kwanza, ukingo wa tundu ulikuwa na kitu kama rangi ya ukuta iliyobanduka. Rangi imejikunja kidogo kuelekea ndani, sehemu moja imetoka vipande, na chini yake panaonekana kioo. Hapo hakuna mjadala, ni bandia. Lulu ya kweli ikitobolewa, ukingo wake unakuwa umekatika safi, hata ukiwa na kapengo kadogo. Haibanduki kama ngozi.

Sampuli ya pili ukingo ulikuwa safi. Tukaangalia ndani zaidi. Kwenye lulu nyingi za kufugwa za baharini, mfugaji anapandikiza kiini cha mviringo kilichochongwa kutoka kwenye ganda la kome. Ukitazama ndani ya tundu kwa mwanga mzuri unaweza kuona tabaka la lulu kwa nje, mara nyingi halifiki hata milimita 1, halafu mstari wa giza, halafu kiini cheupe. Ukiuona mstari huo, imeisha: ni ya kufugwa, hata muuzaji aape.

Sampuli ya pili haikuwa na mstari. Dada akafurahi, "Basi ni ya asili!" Hapana, na huu ndio mtego unaowanasa wengi. Lulu nyingi za bei nafuu zilizopo sokoni zinafugwa China ndani ya kome wa maji baridi, na nyingi kati yake hazipandikizwi kiini kigumu. Wanaweka kipande kidogo tu cha nyama ya kome mwingine. Lulu inayotoka ni tabaka tupu hadi katikati, kwa hiyo mstari hutauona. Kukosekana kwa mstari kunaondoa aina moja ya ufugaji, hakuondoi ufugaji wote.

Kuna wanaosema tundu dogo sana ni dalili ya lulu ya asili. Kuna ukweli ndani yake. Lulu za asili ziliuzwa kwa uzito, kwa hiyo mtoboaji wa zamani alijitahidi asipoteze hata unga, na matundu yake huwa membamba kuliko ya kufugwa. Lakini siku hizi mashine inatoboa tundu la ukubwa wowote. Ichukulie kama dalili, usiifanye ushahidi.

Baada ya tundu, ngozi ya lulu. Ukikuza picha ya lulu ya kweli utaona vistari vyembamba sana vinavyopinda, kama alama za kidole. Utaona pia vijishimo, vijibonde, na lulu moja haifanani kabisa na jirani yake. Bandia ukiikuza inaonekana ina chembechembe, kama sukari iliyopakwa au ganda la chungwa, na mara nyingine kuna tone la rangi lililogandia karibu na tundu. Mkufu wa kwanza wa yule dada ulikuwa na shanga 58, zote rangi moja, ukubwa mmoja, hazina doa hata moja. Lulu za kweli zilizolingana hivyo zipo, ila hazitembei kwenye mfuko wa nailoni.

Mng'ao ndio unaodanganya zaidi kwenye picha. Usiangalie kama inang'aa, angalia taswira ya dirisha juu ya lulu. Kwenye lulu nzuri, mistari ya fremu inaonekana imekatika vizuri na mwanga unaonekana kama unatoka ndani. Lulu za kawaida za maji baridi zinatoa taswira yenye ukungu kidogo, na zile zisizo duara kamili zinaivuta taswira iwe ndefu. Tatizo ni kwamba bandia nzuri ya kioo nayo inatoa taswira kali. Kwa hiyo mng'ao unakusaidia kupanga bei kati ya lulu na lulu. Kuamua ni lulu au siyo lulu, rudi kwenye tundu.

Mafundo nayo yanasifiwa kupita kiasi. "Imefungwa fundo kila baada ya shanga, kwa hiyo ni orijino." Fundo kazi yake ni kuzuia lulu zisisuguane, na uzi ukikatika ipotee moja badala ya zote. Fundi yeyote anaweza kufunga mafundo kwenye plastiki. Mimi kwenye mafundo natafuta vitu vingine viwili. Kwanza, fundo linazama ndani ya tundu? Kama linazama, tundu ni pana kuliko kawaida, na shanga za kioo mara nyingi ziko hivyo. Pili, kuna vipande vya rangi vilivyonasa kwenye uzi? Kwenye mkufu uliovaliwa, fundo linasugua ukingo, na bandia huanza kubanduka hapo kabla ya sehemu nyingine yoyote. Kama uzi umelegea, umeweka mapengo au umekuwa mweusi, huo ni uchakavu tu. Mkufu unahitaji kufungwa upya, haimaanishi ni feki.

Na hilo jina Zanzibar? Lulu zinafugwa Zanzibar kweli, vikundi vya akina mama wa Fumba walianza kujifunza kazi hiyo miaka ya 2000. Ila zinazojulikana pale ni nusu lulu. Zinaota zikiwa zimeshikana na ganda la chaza kwa ndani, kisha zinakatwa na ganda lake, kwa hiyo zina mgongo bapa. Zinatengenezewa hereni, pete na vidani, na ni vitu vizuri sana. Mkufu wa lulu 58 za mviringo hautoki huko. Muuzaji akikwambia ni za Fumba, omba picha ya upande wa nyuma.

Kwa hiyo yule dada aliishia hivi. Sampuli ya kwanza ni bandia. Sampuli ya pili ni lulu halisi, za kufugwa, na kwa umbo lake la yai na mng'ao wake karibu hakika ni za maji baridi. Alimrudishia muuzaji picha za matundu bila matusi. Ile ya kwanza akaikataa, ya pili akaichukua kwa bei ya chini kuliko alivyotajiwa, akaandika hivi: "Mkufu wa lulu halisi za kufugwa, maji baridi, umbo la yai, uzi wenye mafundo." Chini yake akaweka picha ya tundu. Mama wa bi harusi mmoja akauliza kufugwa ni nini, akaelezwa, akalipia.

Sasa kama una mkufu wa bibi uliokuja na jamaa kutoka Muscat miaka mingi iliyopita, matundu membamba, hauna mstari, kila lulu na umbo lake? Hata huo usiuandikie "asili" kwa picha. Kinachotenganisha asili na kufugwa kwa uhakika ni eksrei ya maabara inayoonyesha lulu ilivyokua kwa ndani, na Bahrain wana maabara ya kazi hiyo, DANAT. Kwa mkufu wa 85,000 gharama hiyo haina maana. Kwa wa bibi, inaweza kuwa na maana. Mpaka cheti kiwepo, andika "lulu halisi, za zamani, hazijapimwa maabara", na usiuoshe kwa sabuni ya unga wala spiriti kabla ya kupiga picha. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha, kisha uuache ukauke ukiwa umelazwa bapa, maana uzi wa hariri ukining'inizwa mbichi unavutika.